Jinsi nilivyoliondoa jukwaa la mafundi kwenye picha ya jengo la Ntinda

Hajati mmoja mwenye jengo la ghorofa nne huko Ntinda, Kampala, alinitaka nimpigie picha ya upande wa mbele ili atangaze nyumba zake za kupangisha. Mafundi walikuwa wamekwisha kupaka rangi upande ule, lakini jukwaa lao la miti ya mikaratusi lilikuwa bado limesimama, kwa sababu mabomba ya kuteremshia maji ya mvua yalikuwa hayajafika, na hakuna aliyetaka kulibomoa kisha kulijenga upya. Hajati aliniambia, "Mwanangu, mpangaji akiona miti hii atadhani nyumba haijaisha, na mimi siwezi kungoja wiki tatu." Ombi lake lilikuwa la haki. Ukuta ulikuwa tayari na rangi ilikuwa imekauka, kwa hiyo kilichoziba macho ni kitu cha kupita tu.

Kijana mmoja wa studio ninayefahamiana naye alinishauri nisijisumbue: nipige picha moja, niifungue kwenye kompyuta, nifute miti kwa brashi ya kunakili rangi ya jirani, kazi iishe kabla ya chakula cha mchana. Nilimsikiliza, na ushauri ule ulinipotezea siku nzima. Nilikwenda saa tatu asubuhi, jua likiupiga ukuta wa mashariki vizuri, nikapiga picha moja, nikarudi nyumbani na kuanza kufuta kwa brashi za Heal na Clone katika GIMP, programu ya kuhariri picha. Mahali palipokuwa na ukuta mtupu matokeo yaliridhisha. Lakini kila nguzo ilipopita mbele ya dirisha, brashi ilikuwa inabuni kitu ambacho hakikuwapo: vyuma vya dirisha vilipinda, fremu ikawa nene upande mmoja, na matofali ya mapambo chini ya baraza yakajirudia mara nne kwa doa lile lile la saruji. Nilipotazama picha nzima nikaona jambo lililonikera zaidi. Miti ilikuwa imeondoka, lakini vivuli vyake vilikuwa bado ukutani, mistari mirefu isiyo na mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nauliza swali lisilofaa. Badala ya kuuliza ni kwa rangi gani nizibe nafasi ya mti, nilipaswa kuuliza ni wapi nisimame ili niuone ukuta ulio nyuma yake. Jukwaa halikuwa limebandikwa ukutani. Nguzo zake zilisimama mbele ya ukuta kwa umbali wa mita 1.2 hivi. Ukijisogeza kando, nguzo huonekana kuhama juu ya ukuta, na kile ilichokuwa imekificha hufunuliwa. Nilikuwa nasimama mita 20 kutoka ukutani, na kwa umbali huo kila mita moja ninayosogea kando huihamisha nguzo ukutani kwa sentimita sita hivi. Nguzo zenyewe zilikuwa na unene wa sentimita 10. Kwa hiyo hatua moja haikutosha, lakini mita mbili zilitosha kuufunua ukuta wote uliokuwa nyuma ya kila nguzo. Ukisimama mbali zaidi, au jukwaa likiwa karibu zaidi na ukuta, itakubidi usogee zaidi. Mtu asiichukue mita mbili kama kanuni, ajaribu kwa jicho moja akiwa palepale.

Nilirudi siku yenye mawingu mazito, kwa makusudi. Kivuli kimelala juu ya ukuta wenyewe, hivyo hakihami hata usogee mita ngapi, na njia pekee ya kukiepuka ni kupiga picha wakati ambapo hakipo. Wapiga picha wengi wa nyumba hapa Kampala hungoja jua na anga ya buluu. Mimi kwa kazi hii nilingoja wingu la kabla ya mvua, ambalo hutandaza mwanga sawasawa kila upande. Nikaweka kamera kwenye miguu mitatu, nikafunga mwangaza na rangi visijibadilishe vyenyewe, nikapiga katikati, kisha mita mbili kushoto, kisha mita mbili kulia, bila kugusa zumu.

Nyumbani niliziweka picha tatu moja juu ya nyingine kama matabaka. Ukuta ni bapa, kwa hiyo picha iliyopigwa kando inaweza kuvutwa kwa zana ya Perspective mpaka ukuta wake ulale sawasawa juu ya ukuta wa picha ya katikati. Nilichagua pembe nne za madirisha yaliyo mbali mbali na kuzifuatisha hizo. Ili kuona kama zimekaa, nililiweka tabaka la juu katika hali ya Difference, inayoonyesha tofauti tu kati ya matabaka mawili: panapolingana huwa peusi, na panapopishana huonekana mstari mwangavu kama ukucha. Nilisogeza mpaka ukuta ukawa mweusi karibu wote, nikarudisha hali ya kawaida, nikalificha tabaka lote kwa Layer Mask nyeusi, yaani barakoa ambayo nyeusi yake huficha na nyeupe yake hufunua, kisha nikapaka nyeupe juu ya kila nguzo. Nguzo ilifutika na mahali pake pakatokea ukuta halisi, na vyuma halisi vya dirisha, na hata ufa mdogo wa plasta ambao brashi isingeujua kamwe. Mabaraza yalikataa kulingana, kwa sababu yametokeza mbele ya ukuta na hivyo yana ubapa wao. Hayo niliyavuta peke yake, kila safu kwa tabaka lake.

Nilifurahi mapema mno, kwa maana miti ya kulala ilibaki yote. Kusogea kushoto na kulia huuhamisha mti ulalao juu ya nafsi yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna kinachofunuliwa. Mbao za kukanyagia zilikuwa mbaya zaidi: nikiwa chini nazitazama kwa chini, na kila safu ya mbao ilificha ukanda wa ukuta ulio juu yake, kwenye ghorofa ya pili karibu sentimita 30. Ni wazi kwamba nilihitaji kupanda. Ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo jingine, na mama mmoja wa ghorofa ya pili aliniruhusu kwa ukarimu nitumie baraza yake baada ya kumweleza kisa chote. Nilimpa kitu kidogo cha sukari, na pamoja na nauli za boda za siku zote sidhani kama nilitumia zaidi ya elfu hamsini. Kutoka pale, nikiwa juu kidogo ya mbao za ghorofa ya pili, mbao zile zile zilificha ukanda mwembamba tu ulio chini yake, na ukanda wa juu uliokuwa umefichwa ukawa wazi. Kile picha ya chini ilichokosa, picha ya juu ilikuwa nacho, na kinyume chake. Nilipiga tatu tena kutoka pale, nikazilaza juu ya ile ya katikati kwa njia ile ile. Kama hakuna baraza jirani, mtu anaweza kusimama juu ya pikapu au kuinua kamera kwa mti mrefu, lakini asidhani kwamba atalikwepa jambo hili.

Sehemu moja tu haikuwa na dawa ya kusogea, nayo ni pale ncha za miti mifupi iliyotoka kwenye jukwaa zilipogusa ukuta. Hapo umbali ni sifuri, na ukisimama popote utaiona ncha palepale. Zilikuwa alama 22, kila moja kama sahani ndogo ya chai. Nilimuuliza fundi wa rangi akaniambia kwamba zote zitarudiwa rangi jukwaa litakapoteremshwa, na kwa neno hilo nikajiruhusu kutumia Clone. Nilikuwa nachukua rangi ya kunakili kutoka ukuta wa kimo kile kile, kamwe si kutoka ghorofa ya juu, kwa kuwa udongo mwekundu wa uani hurudisha mwanga wake kwenye ghorofa za chini, na kipande cha ukuta wa juu kikiletwa chini huonekana kama kiraka cha kijivu.

Kulikuwa pia na kreni ndefu ikionekana nyuma ya paa, ya kiwanja cha jirani. Kwa anga nyeupe ya mawingu kuiondoa kulichukua dakika chache, isipokuwa pale mkono wake ulipopita nyuma ya antena, ambapo nilikuza picha na kupaka kwa brashi ndogo. Lakini nilimwambia Hajati kwamba tangazo lazima liseme kuna ujenzi unaoendelea upande wa nyuma, kwa sababu kreni itaondoka lakini jengo inalojenga litabaki, na mpangaji wa vyumba vya nyuma atalitazama kila asubuhi. Alikubali. Tulibishana zaidi juu ya uzio wa mabati uliozunguka sehemu ya chini. Yeye alitaka nao uondoke na mahali pake pawe na ua uliotandikwa vitofali. Niliingia nyuma ya mabati nikakuta udongo mtupu, rundo la kokoto na maduka mawili yasiyo na milango. Nikamwonyesha kwenye kamera, nikamwambia, "Hajati, ukuta niliouweka kwenye picha nimeupiga picha. Vitofali hivyo sina mahali pa kuvipiga." Mabati yalibaki, na chini ya picha tukaandika kwamba maduka ya chini bado yanajengwa.

Nilidhani nimemaliza, nikaigeuza picha kushoto kulia ili niitazame kwa macho mapya, kama nifanyavyo siku zote, na ndipo nilipoona nguzo. Ilikuwa ndani ya kioo cha dirisha la ghorofa ya tatu, iliyofifia, imesimama wima mbele ya pazia la maua: mti ulikwisha kuondoka mbele ya jengo lakini taswira yake ilikuwa bado kwenye kioo. Nilipochunguza nikakuta madirisha saba yana nguzo za namna hiyo. Kwa bahati njema taswira nayo huhama ukisogea, ila huhama upande ulio kinyume na mti wenyewe, kwa hiyo kioo kilichokuwa na taswira katika picha ya katikati kilikuwa safi katika ile ya kushoto au ya kulia. Nilichukua vioo vizima, kimoja kimoja, kutoka picha iliyokuwa safi, na kazi hiyo peke yake ikanichukua jioni nzima hadi umeme ulipokatika.