Slaidi 26, hotuba mbili

Mwalimu wa taaluma alinikabidhi flashi, akaniambia mkuu anataka hotuba zake za mahafali zitoke humo, ya kukaribisha wageni na ya kufunga shughuli. Nilikuwa nafundisha lugha, na kwetu mwalimu wa lugha ndiye hupewa kazi za namna hii bila hata kuulizwa kama ana nafasi. Nilipofungua faili nikakuta slaidi 26. Matokeo ya mtihani, mahudhurio, maktaba, michezo, klabu ya mazingira, maabara iliyokarabatiwa, walimu wapya, vyoo vipya. Mwaka mzima ulikuwa umo, kila ukurasa na mistari sita au saba ya maandishi madogo na picha imebanwa kwenye kona.

Ratiba ilimpa mkuu dakika 5 mwanzoni na dakika 3 mwishoni. Nilikuwa nimemsikia akihutubia mara nyingi, na nilijua kasi yake: maneno kama 100 kwa dakika, maana ukumbi wetu una mwangwi na ukienda mbio silabi zinapandana. Basi nilikuwa na maneno 500 ya kukaribisha na 300 ya kufunga. Ukigawa dakika 5 kwa slaidi 26 unapata sekunde 11 au 12 kwa kila moja, yaani muda wa kusoma kichwa cha habari na kugeuza.

Mkuu mwenyewe alikuwa na wazo rahisi. Mwanafunzi mmoja abonyeze kompyuta, yeye asome kilichoandikwa. Nikamwambia, "Mkuu, walio mbele watakuwa wamemaliza kusoma kabla hujafika mstari wa tatu, na walio nyuma hawataona kitu. Wote wawili utakuwa umewapoteza." Akacheka, akasema, "Haya mwalimu, fanya unavyojua, lakini asiseme mtu kwamba shule haijatajiwa mafanikio yake."

Nikachapisha slaidi zote, nne kwa kila karatasi, nikakaa na kalamu. Pembeni mwa kila moja niliandika nani ukumbini atajiona ametajwa. Slaidi ambazo jibu lake lilikuwa "hakuna" nilizikata papo hapo, na zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Slaidi ya samani mpya za ofisi, kwa mfano, ilimhusu mtu mmoja tu, naye ndiye angekuwa anahutubia.

Iliyonisumbua kuliko zote ni ile ya matokeo. Ilikuwa ya pili, ina rangi kali na asilimia kubwa ya ufaulu katikati, na kila mtu alitaka ianze. Lakini wahitimu ambao wangekaa mbele wamevaa majoho walikuwa hawajapata matokeo yao. Mahafali yalifanyika kabla ya mtihani wa mwisho. Asilimia ile ilikuwa ya wenzao waliotangulia, ambao hata mmoja hakualikwa. Mkuu angesimama kukaribisha watu, kisha awasifie watoto wasiokuwepo mbele ya watoto waliokuwepo, na hawa waliokuwepo wangesikia deni tu. Sikuiondoa, kwa sababu wazazi wanaitafuta namba hiyo na ikikosekana watajiuliza kulikoni. Niliishusha ikawa ya nne na kuiandikia sentensi moja inayotaja wenyewe: "Waliokaa kwenye viti hivi mwaka jana walitufurahisha, na walimu waliowafundisha ni hawa hawa." Sifa ikawaendea walimu, ambao walikuwepo na walistahili.

Kisha mahudhurio. Grafu ilionyesha nguzo mbili, ya mwaka huu ikiwa imepanda mara mbili ya ile ya mwaka uliotangulia. Ukiitazama kwa mbali ungesema shule ilikuwa tupu, sasa imejaa. Nikasoma namba za pembeni: asilimia 88 na asilimia 91. Mhimili wa wima ulianzia 85 badala ya sifuri, kwa hiyo nguzo moja ilipata hatua tatu na nyingine sita. Sidhani kama mwalimu wa taaluma alikusudia kudanganya mtu. Programu yenyewe hupenda kukata mhimili hivyo ukiiachia ichague. Lakini hotuba inayosema "mahudhurio yamepanda sana" huku mzazi anayejua hesabu anaona 88 na 91, itamfanya atilie shaka hata yale ya kweli yanayofuata.

Nikaigeuza upande wa pili. Shule ilikuwa na wanafunzi 268, na idadi haikuwa imebadilika sana. Asilimia 12 ya hao ni kama watoto 32 wasiofika siku ya kawaida. Asilimia 9 ni kama 24. Sentensi ikawa: "Mwaka jana, asubuhi ya kawaida, viti kama 32 vilikaa vitupu. Mwaka huu ni 24." Hakuna neno la kujisifu ndani yake, na mtu asiyeiona grafu anaelewa. Mkuu alipoisoma mara ya kwanza alinyamaza kidogo, akasema, "Bado 24 ni wengi." Nikamwambia hilo nalo aliseme, na likaingia.

Slaidi ya maktaba ilisema vitabu 1,340 viliazimwa, kutoka 890. Gawanya 1,340 kwa 268 na unapata 5 kamili, na mkono wangu ulikuwa umeshaandika kwamba kila mwanafunzi alisoma vitabu vitano. Ilikuwa tamu mno, kwa hiyo nikaenda kwa mkutubi kabla ya kuimaliza. Akanifungulia daftari la kuazimia, kubwa, lenye mistari ya wino wa bluu na mwekundu. Majina yaleyale yalijirudia ukurasa baada ya ukurasa. Kuna binti mmoja wa darasa la chini alijaza karibu nusu ya ukurasa peke yake mwezi mmoja. Na kuna majina ya wahitimu ambayo hayakuonekana kabisa. Wastani wa vitano haukumhusu karibu mtu yeyote.

Nikamuuliza mkutubi kilichoongeza idadi. Akasema walianza kufungua maktaba wakati wa mapumziko ya mchana, kazi iliyofanywa na wanafunzi wawili wa darasa la mwisho waliojitolea kukaa mezani ili yeye apate kupumzika. Hilo halikuwa kwenye slaidi yoyote. Hotuba ikasema vitabu viliazimwa 1,340, kutoka 890, na kwamba mlango ulifunguliwa mchana na wahitimu wawili, ambao niliwaendea kwanza kuuliza kama wanataka kutajwa na majina yao yanatamkwaje. Mmoja alisema atajwe kwa jina la katikati, kwa sababu ndilo bibi yake analomwitia, na bibi angekuwepo.

Mwishowe slaidi 26 zikawa 7, kila moja picha moja na namba moja kubwa, au picha tupu. Nyingine hatukuzitupa. Tulizipanga zijigeuze zenyewe wageni walipokuwa wanaingia na kutafuta viti, na hapo ndipo vyoo vipya vilipopata heshima yake.

Kwenye nakala ya mkuu niliandika namba ya slaidi kwa wino mwekundu pembeni mwa neno ambalo picha inapaswa kubadilika, na kijana wa kwenye kompyuta alikuwa na nakala ileile. Nilipiga marufuku maneno "kama mnavyoona". Mkuu aliona nimezidisha. Pia nilimfundisha kijana kubonyeza B kwenye kibodi, maana wakati slaidi zinaendelea, herufi hiyo huifanya skrini iwe nyeusi mpaka uibonyeze tena. Nilitaka hivyo pale mkuu anapowageukia wahitimu, kwa kuwa skrini ikiwaka hakuna anayemtazama msemaji.

Hotuba ya kufunga ilikuwa na shida nyingine. Unaiandika kabla ya shughuli, lakini inasomwa baada yake, na watu wamechoka. Niliweka sheria kwamba isiwe na namba hata moja, na slaidi iwe moja tu, picha ya darasa zima waliyopiga uwanjani. Shukrani zilipewa mistari minne. Matangazo ya kurudisha majoho na kuchukua vyeti nilimpa msherehi ayaseme kabla mkuu hajasimama, kwa sababu ukiyaweka mwisho, neno la mwisho mtoto analoondoka nalo ni foleni ya majoho. Na katikati niliacha pengo: "Mgeni rasmi ametuambia leo kwamba" na nukta nyingi.

Siku yenyewe jua la mchana liliingia kwa madirisha ya upande wa kushoto na kuiosha skrini. Tulikuwa tumejaribu projekta asubuhi, jua likiwa upande mwingine. Picha ya tatu ilikuwa kivuli cha kijivu, namba hazikusomeka hata safu ya kwanza. Mkuu hakugeuka nyuma. Akasema viti 32, akasema 24, akasema bado ni wengi, na nikaona wanaume wawili waliosimama mlangoni wakitazamana. Alipowataja wale wa maktaba, bibi mmoja safu za nyuma alisimama kabisa, akapiga kigelegele peke yake, na mkuu akangoja amalize. Zile sekunde hazikuwa kwenye hesabu yangu ya maneno 500.

Mgeni rasmi alizungumza muda mrefu kuliko ratiba, kama kawaida ya wageni rasmi. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni na penseli, nikisubiri sentensi moja ya kuziba pengo. Mengi aliyosema yangefaa shule yoyote. Kisha, karibu na mwisho, akaweka karatasi kando na kueleza kwamba alirudia mwaka wake wa mwisho shuleni, na kwamba mwaka ule wa pili ndio uliomfundisha kukaa na kitabu. Nikaandika hilo tu, nikalipitisha kwa msherehi hadi meza kuu.

Mkuu aliusoma mstari wa penseli kama ulivyo, kisha akaongeza lake mwenyewe kwa wahitimu: mtihani ukiwaendea vibaya, ofisi yake haitafungwa, warudi. Hilo sikuliandika mimi. Maneno 300 yakawa pungufu, kwa sababu aliruka aya nzima ya shukrani za mwisho na kukaa, na kwa maoni yangu alichagua vizuri cha kuruka.

Mwaka uliofuata mwalimu wa taaluma aliniletea flashi mapema zaidi. Ilikuwa na slaidi 10, na chini ya kila moja ameandika ni nani wa kuulizwa. Grafu zote zilianzia sifuri, isipokuwa ya mabao ya timu ya mpira, ambayo alisema ikianzia sifuri haitaonekana kabisa.