Kitalu cha mchicha, Kisauni: hesabu yangu

Kitalu changu cha mchicha na kunde ni mita 2 kwa 3. Mbegu ni shilingi 100, samadi 500, na waya wa kuku na vigingi 2,400 (mbuzi wa mtaa huu hawana adabu). Jumla 3,000.

Lakini kinachokula pesa ni maji. Mchanga wetu hauyashiki, kwa hivyo jua likiwaka kila mita ya mraba yataka kama lita 5 kwa siku, yaani lita 30. Mtungi wa lita 20 nanunua kwa shilingi 20, basi ni 30 kwa siku, 900 kwa mwezi. Mboga nilikuwa nikinunua za 50 kila siku, 1,500 kwa mwezi. Yabaki 600, na mtaji warudi baada ya miezi 5 ya kuvuna.

Sasa nusu ya maji ya kitalu ni yale yaliyokwisha kuoshea mchele na mboga. Akiba imefika 1,050, miezi 3 yatosha. Maji ya kisima chenye chumvi siyategemei: ncha za majani zikianza kukauka kama zimeungua, ndiyo hiyo chumvi.