Pumzi sita kwa dakika: tulivyomrudisha mzee aliyelemewa na mofini

Kwenye wodi yetu ya upasuaji hapa Mombasa, mgonjwa aliyepigwa mofini, ile dawa kali ya maumivu, akianza kukoroma huwa nasogea kitandani kwake, siendi mbali naye. Mkoromo huo una maana kwamba ulimi umelegea na njia ya hewa imeanza kubanwa, na mara nyingi unatangulia hatari yenyewe. Usingizi mzito huja kwanza, pumzi hupungua baadaye, na kile kipimo cha oksijeni tunachobana kidoleni hushuka mwisho kabisa. Muuguzi anayesubiri kipimo kishuke ndipo ashtuke anakuwa amechelewa.

Nitaeleza habari za mgonjwa mmoja, maana kwake mambo yote yalikutana. Alikuwa mzee wa miaka 71, aliyeteleza kwenye ngazi za nyumba yao Mji wa Kale akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji mchana, akaletwa wodini akiwa na mrija wa oksijeni puani, lita 3 kwa dakika. Faili lake lilikuwa na mambo mawili niliyoyawekea alama nilipopokea zamu. La kwanza, figo zake hazikuwa nzuri, kreatinini ilikuwa mikromoli 190 kwa lita. La pili, alikuwa ameandikiwa mofini miligramu 10 msulini kila baada ya saa nne, na usiku diazepamu miligramu 5 ili alale.

Ini huibadilisha mofini kuwa kitu kingine chenye nguvu vilevile, na kitu hicho hutolewa mwilini na figo. Figo zikichoka, kinabaki na kulundikana, kwa hiyo dozi ya pili inaongezeka juu ya ya kwanza ambayo bado haijaisha. Diazepamu nayo huzidisha. Peke yake, kwa dozi ile, isingemfikisha mbali, lakini ikichanganyika na mofini zinasaidiana kuuzima ule msukumo wa ubongo unaotufanya tuvute pumzi hewa chafu inapozidi mwilini. Nilimwambia daktari wa zamu jioni ile ile, tukakubaliana nimhesabie pumzi mara nyingi kuliko ilivyoandikwa, lakini maumivu yalikuwa makali na dozi ya saa tatu usiku ilishaingia. Diazepamu alipewa saa nne. Saa saba alilia tena kwa maumivu, akiwa macho kabisa na akizungumza, akapewa mofini nyingine.

Mofini ya msulini hufika kileleni baada ya nusu saa mpaka saa nzima, kwa hiyo saa nane kasoro nilirudi kwake. Binti yake alikuwa ameketi kando, akimpepea.

"Sista, nakuomba usimwamshe baba," aliniambia kwa sauti ya chini. "Tangu aanguke hajapata usingizi kama huu. Alhamdulillahi ametulia."

"Dada, sitamwamsha kwanza," nilimjibu. "Niache nimhesabie pumzi."

Kwa kweli kumhesabia kabla ya kumgusa ni jambo ninalolishikilia sana. Ukimwita au kumfunga mkono kwa kipimo cha presha, anashtuka, anavuta pumzi mbili tatu nzuri, na wewe unaandika 14 kwenye chati. Naweka mkono wangu karibu na kifua bila kukibana, natazama saa, nahesabu dakika nzima. Kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili hakufai hapa, kwa sababu pumzi za mofini haziendi kwa mpangilio: mbili zinafuatana, halafu kimya kirefu.

Nilihesabu sita, tena fupifupi. Kipimo cha kidoleni kilisoma asilimia 95.

Hiyo 95 ndiyo inayowadanganya wengi. Mgonjwa akiwa kwenye oksijeni, kila pumzi ndogo anayovuta inabeba oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida, basi damu inabaki na ya kutosha hata kama anapumua kidogo mno. Lakini oksijeni haiondoi kaboni dioksidi. Ile inatoka kwa kupumua tu, na pumzi zikipungua inajaa kwenye damu, na yenyewe inazidi kumlaza mtu. Midomo inabaki na rangi nzuri na kipimo kinaonyesha namba nzuri, huku mgonjwa akizama. Ndiyo maana kwenye chati yangu usingizi na idadi ya pumzi vinaandikwa kabla ya oksijeni.

Nilimtikisa bega. "Mzee wangu, fungua macho." Alifungua, akaanza kunijibu, akasinzia katikati ya neno. Mtu anayelala katikati ya sentensi yake mwenyewe ameshavuka mpaka, hata kama pumzi zake zingekuwa kumi. Nilimulika macho, mboni zilikuwa ndogo kama vichwa vya pini.

Nilimwita mwenzangu alete troli ya dharura na kumpigia daktari simu. Mimi nilibaki pale pale. Niliinua kidevu chake na kichwa kikalala nyuma kidogo, mkoromo ukakatika. Nikamwambia kwa sauti kubwa, "Mzee, vuta pumzi! Vuta tena!" Naye akavuta. Mgonjwa wa mofini anaweza kusahau kupumua lakini akiamriwa anatii, na hilo linakupa dakika chache za thamani. Alipoacha kuitikia, nilimwekea barakoa ya mfuko wa ambu iliyounganishwa na oksijeni na kumpulizia pumzi moja kila sekunde tano hadi sita, nikitazama kifua kinainuka. Kinachoua ni kukosa pumzi, na mikono inaweza kuzitoa kabla dawa yoyote haijafunguliwa. Mwenzangu alipima sukari, ikawa milimoli 6.8, tukaondoa shaka kwamba ni sukari iliyoshuka.

Daktari alifika tukiwa tumeshavuta naloksoni, dawa inayoipinga mofini. Ampuli yetu ina mikrogramu 400 ndani ya mililita 1. Tunaichanganya na mililita 9 za maji ya chumvi ndani ya bomba la mililita 10, kwa hiyo kila mililita inakuwa na mikrogramu 40. Tunabandika lebo kwenye bomba palepale, maana saa nane ya usiku mabomba yote yanafanana.

Daktari aliagiza mililita 1 kwenye mshipa, tukasubiri dakika mbili huku nikiendelea kumpulizia. Pumzi zake mwenyewe zikawa saba. Mililita 1 nyingine, dakika mbili tena, zikawa tisa. Baada ya hapo mililita 2. Alipumua mara 12 kwa dakika, akafungua macho nilipomwita, akataja jina la binti yake. Jumla ilikuwa mikrogramu 160. Mililita 6 zilibaki kwenye bomba na hatukuzisukuma.

Nimeona watu wakitaka kumaliza ampuli yote kwa mkupuo ili mgonjwa aruke kitandani. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa hilo ni baya. Naloksoni haichagui, inaondoa usingizi na inaondoa kinga ya maumivu pia. Mfupa uliotoka kupigwa vyuma unauma wote kwa mara moja, presha na mapigo ya moyo yanapanda ghafla, na wapo ambao mapafu yao hujaa maji. Kwa wagonjwa wetu wa Pwani waliowahi kutumia unga na sasa wako kwenye methadoni, dozi kubwa inawatupa kwenye arosto kali hapo hapo, wakitapika na kung'oa dripu. Shabaha yangu ni pumzi zaidi ya kumi na mgonjwa anayeitika akiitwa. Aliyeacha kupumua kabisa ni habari nyingine, huyo hupewa dozi kubwa zaidi, lakini hata kwake ambu inatangulia.

Mzee alibaki na usingizi kiasi, na mwenzangu aliuliza kama tuongeze. Usingizi uliobaki ulikuwa wa diazepamu, na naloksoni haiigusi kamwe. Dawa inayoipinga ni flumazenili. Kabla daktari hajaamua, nilimuuliza binti kama baba huwa anatumia vidonge vya usingizi nyumbani. Alisema ndiyo, tangu mama yao alipofariki, miaka kadhaa sasa, karibu kila usiku. Jibu hilo lilifunga mjadala. Mwili uliozoea dawa za jamii ya diazepamu ukiondolewa ghafla kwa flumazenili unaweza kuingia degedege. Anapumua, njia yake ya hewa iko wazi, anaitika, basi diazepamu tuliiacha iishe yenyewe.

Binti aliponiona nimevuta kiti alidhani mambo yamekwisha. Nilimwambia, "Dada, bado. Dawa hii ya kumwamsha inaisha mapema kuliko mofini." Naloksoni hukaa kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Mofini hukaa saa kadhaa, na kwa figo kama zile hukaa zaidi. Nilimhesabia pumzi kila dakika tano mwanzoni, kisha kila robo saa. Haikupita saa nzima mkoromo ukarudi, na pumzi zikashuka mpaka nane.

Tulimpa mililita 2 kutoka lile bomba lenye lebo, zikapanda tena, na daktari akaagiza dripu ya naloksoni. Hesabu yake ni theluthi mbili ya dozi iliyomwamsha, kwa kila saa. Kwa mikrogramu 160 hiyo ni kama 100 kwa saa. Hatukuwa na pampu, tukatumia bureti ya watoto, ile inayotoa matone 60 kwa mililita. Ampuli moja ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi inakupa mikrogramu 4 kwa kila mililita, kwa hiyo anahitaji mililita 25 kwa saa. Kwa bureti hii idadi ya mililita kwa saa ni sawa na idadi ya matone kwa dakika, basi ukihesabu matone 25 kwa dakika umefika. Mililita 100 zinakwenda saa nne. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa akikunja mkono matone yanabadilika, kwa hiyo kila nilipohesabu pumzi nilihesabu na matone.

Maumivu hatukuyaacha. Alipewa parasetamoli gramu 1 kwenye mshipa. Ibuprofeni na dikilofenaki tuliziepuka kwa ajili ya figo. Mofini na diazepamu zilifutwa kwenye chati kwa mstari na sahihi, zisije zikatolewa na zamu ya asubuhi kwa mazoea. Asubuhi mtaalamu wa nusukaputi alimchoma dawa ya ganzi kwenye kinena, inayofisha mishipa ya fahamu iendayo nyongani, na mzee akaweza kugeuzwa bila kupiga kelele.

Dripu ilipunguzwa taratibu na kufungwa mchana, pumzi zikiwa 16. Wenzangu wa zamu hiyo walimhesabia kila robo saa kwa saa mbili nyingine baada ya kuifunga, kabla ya kumrudisha kwenye ratiba ya kawaida. Maumivu yaliporudi usiku uliofuata, daktari alimwandikia mofini miligramu 2 kwa mshipa, irudiwe tu baada ya muuguzi kuhesabu dakika nzima na kuandika kwamba mgonjwa anamaliza sentensi yake bila kusinzia.