Sendofu ya Kihonda, na zile dakika sita za mama

Hii ilikuwa 2019, nakaa Morogoro, na chaneli yangu ya Yutubu ilikuwa na sabskraiba 412. Nilikuwa natengeneza video za kilimo cha mboga, napanda Mgeta na daladala kila nikipata nauli, nashuti wakulima wa kabichi na njegere, narudi naediti usiku. Yutubu walikuwa wanataka sabskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndo waanze kukuwekea matangazo, na mimi masaa nilikuwa sijafika hata 600. Kwa hiyo hela ya Yutubu haikuwepo kabisa, ila kamera ilikuwepo, Canon 700D niliyonunua iliyotumika, na nauli ya Mgeta ilitakiwa itoke mahali.

Jirani yangu mmoja alikuwa kwenye kamati ya sendofu ya binti wa rafiki yake, akaniuliza, "Mdogo wangu, zile video zako za shamba nimeziona, sendofu huwezi kutushutia?" Nikasema naweza. Akauliza shilingi ngapi, na hapo nikataka kumjibu laki na nusu papo hapo maana kwangu ilikuwa hela nyingi, ila nikamwambia kaka nipe mpaka kesho.

Nashukuru sana kwamba nilisubiri. Jioni nikaenda Msamvu kwa mpiga picha mmoja mkubwa kwangu, kafanya harusi miaka mingi, akachukua karatasi tukaanza kuandika. Kamera ya pili ya kukodi siku moja elfu hamsini, kijana wa kunisaidia elfu arobaini, bajaji ya kwenda na kurudi na vyombo elfu kumi na tano, flashi mbili za kukabidhia kazi elfu ishirini. Jumla 125,000 kabla mi sijapata hata senti! Kwa hiyo ile laki na nusu ningebaki na elfu ishirini na tano kwa siku nzima ya kushuti na siku tano za kuediti. Akaniambia sema laki nne, nusu advansi, ukishindwa kabisa shuka mpaka laki tatu na nusu na useme unapunguza nini, labda kamera ya pili, usishuke bei tu hivi hivi kazi ikabaki ileile.

Halafu akaniambia kitu ambacho mpaka leo namwambia kila kijana anayeanza. Kwenye sendofu hela sio ya baba wala mama, hela ni ya kamati, ni michango, na iko kwa mweka hazina. Sherehe ikiisha kunakuwa na kikao cha kuvunja kamati, wanasoma mapato na matumizi, kilichobaki wanawapa wazazi, basi kamati imekufa. Ukipeleka kazi baada ya hapo, hiyo laki mbili iliyobaki utamdai nani? Mweka hazina atakwambia mwanangu mi nimeshafunga hesabu, na ukienda kwa mzazi yeye anajua kamati ilishamaliza. Kwa hiyo uliza kikao cha kuvunja ni lini na kazi yako iwe tayari kabla ya siku hiyo.

Nikaenda kwa mama mweka hazina, shikamoo mama, marahaba, nikamweleza laki nne. Akaguna kidogo, akauliza kwani wengine si wanafanya kwa laki mbili, nikamwonyesha karatasi nini kinaenda wapi, akakubali. Tukaandika ukurasa mmoja tu: saa kumi na moja jioni mpaka saa sita usiku, video kamili isiyozidi masaa mawili na fupi ya dakika tano, marekebisho mara moja, laki mbili kabla na laki mbili siku ya kikao cha kuvunja, ambacho walipanga siku 15 baada ya sherehe. Advansi ikaingia kwa M-Pesa kesho yake.

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa pale Kihonda. Nikafika saa tisa, kabla ya watu wa mapambo hawajamaliza. Kamera ya kukodi ilikuwa imewekwa NTSC, mfumo wa nchi zenye umeme wa hazi 60, picha 30 kwa sekunde, na zile taa za kwenye jukwaa zikawa zinatembea mistari kwenye kioo. Umeme wetu ni hazi 50, kwa hiyo nikairudisha PAL, mfumo wa hazi 50, picha 25, shata 1/50 ya sekunde, mistari ikaisha. Hiyo nilikuwa naijua.

Sauti ndo nilikuwa naiogopa, maana shambani mkulima akikosea unamwambia baba rudia, ila mama akishamuaga mwanae hakuna kurudia. Maiki ya juu ya kamera ukumbini inachukua spika, feni, sahani na watoto, maneno unayasikia kwa mbali kama mtu yuko kwenye tangi. Nikamwomba dijei nichomeke kirekoda changu kidogo, Zoom H1, kwenye tundu la REC OUT la miksa yake, lile la kutolea sauti ya kurekodi. Akakubali. Nikamwambia emsii aongee kwa nguvu kama atakavyoongea usiku, nikashusha levo mpaka sauti yake ya juu kabisa ikawa inagonga kwenye desibeli -12 hivi, nikavaa hedifoni nikasikiliza dakika mbili nzima. Betri mpya, memori kadi tupu, nikabonyeza rekodi, nikakifunga kwa selotepu chini ya meza ya dijei mtu asikiguse.

700D nikaiweka kwenye stendi nyuma ya ukumbi, inaona jukwaa lote, mimi nikatembea na ile ya kukodi kuchukua nyuso. Kijana wangu kazi yake ilikuwa taa na kubeba betri.

Mambo yakaenda vizuri, binti akaingia na wapambe wake, keki ikakatwa, shampeni. Kabla ya nasaha za wazazi nikaenda nyuma nikaianzisha 700D, nikarudi mbele. Baba akaongea, akaongea sana, akasimulia mpaka siku binti alivyozaliwa mvua inanyesha. Kisha mama akashika maiki. Mi niko pembeni nachukua mashangazi wanafuta machozi, mkono wa mama kwenye bega la binti, vidole vinakunja kunja pindo la kitenge. Nikageuka kuangalia nyuma ya ukumbi, na ile kamera kwenye stendi kioo chake cheusi.

Nikakimbia. Ilikuwa imesimama yenyewe. Zile kamera za picha za wakati ule nyingi zilikuwa zinarekodi dakika 29 na sekunde 59 tu kisha zinakata, sababu Ulaya kamera inayofikisha nusu saa ilikuwa inahesabika ni kamera ya video na ushuru wake ni mkubwa zaidi, basi watengenezaji wakaziwekea kikomo. Haipigi kelele yoyote, inasimama tu, na baada ya muda inajizima kutunza betri. Nilikuwa nimelisoma hili zamani ila shambani sijawahi kurekodi hata dakika kumi mfululizo, kwa hiyo halikuwa kichwani kabisa. Nikabonyeza tena, lakini mama ndo alikuwa anamalizia.

Usiku ule nilipofika nyumbani sikulala, nikachomeka kadi kwanza nione ukubwa wa shimo. Dakika sita na sekunde arobaini za mama hazipo kwenye 700D. Kisha nikafungua faili la kirekoda. Sauti ipo yote, toka saa kumi na moja mpaka mwisho, safi, mama anasikika mpaka anapovuta pumzi kabla ya kulia. Nilikaa pale kitandani nikashukuru Mungu kwa sauti.

Nilichofanya ni hivi, na kwa mtu wa video hili lina faida. Sauti ya mama nikailaza yote bila kukata neno. Juu yake nikaanza kupanga vipande vya ile kamera ya mkononi: mkono kwenye bega, binti kainamisha uso, shangazi na leso, baba kaangalia chini, mama mwenyewe kwa nyuma. Sikuweka hata kipande kimoja ambacho mdomo wa mama unaonekana ukisema neno lingine, maana mtazamaji hajui uliediti vipi ila mdomo ukipishana na sauti anajua hapo hapo kuna kitu hakiko sawa. Vipande vyenyewe vilikuwa vya dakika tatu na nusu tu, karibu vyote nikavipunguza mwendo nusu, vikatosha kwa tabu. Ule mkono kwenye bega unakaa sekunde 22 peke yake. Sehemu hiyo tu ilinila siku mbili kati ya tano.

Nikampigia mama mweka hazina kabla ya kikao, nikamwambia ukweli wote, kwamba kamera moja ilikata wakati wa mama, sauti ipo kamili, picha nimezipanga kwa namna hii. Akanyamaza kidogo akasema, "Haya mwanangu, njoo nayo tuione."

Siku ya kikao nikaenda na laptopu yangu na spika ndogo. Wakaiangalia fupi ya dakika tano wote, kisha nikawaomba niwaonyeshe sehemu ya mama kwenye ile ndefu. Mama wa binti alikuwepo. Chumba kikawa kimya kabisa, ikafika ule mkono kwenye bega, mama akajifunika uso na mtandio. Ikaisha, hakuna aliyeuliza mbona haonekani usoni, mzee mmoja akauliza tu kama anaweza kupata ya kwake amtumie mdogo wake Muscat.

Nikawaomba ruhusa niweke ile fupi kwenye chaneli yangu. Mama wa binti akasema anamuuliza binti kwanza, akampigia hapo hapo, binti akakataa, hataki sherehe yake kwa watu wasiomjua. Ilikuwa haki yake, na mimi kwenye ule ukurasa mmoja sikuwa nimeandika chochote kuhusu hilo. Hata hivyo nyimbo zote mle ndani ni za watu, Content ID, ule mfumo wa Yutubu wa kutambua kazi za watu, ingezikamata na matangazo yakilipa yawalipe wenye nyimbo. Chaneli yangu ilibaki na kabichi zake.

Mama mweka hazina akafungua daftari, akaandika video, akahesabu laki mbili mezani noti za elfu kumi kumi, akanisainisha, nikamkabidhi flashi mbili. Nilikuwa natoka mlangoni mama wa binti akaniita, "Baba, hebu nirudishie tena pale nilipomwambia asisahau kwao." Nikaifungua tena laptopu, betri ilikuwa imebaki asilimia nane, nikamtafutia hilo neno.