Tulivyoiweka namba ya malipo kwenye video ili matapeli wasiifunike

Tunauza zabibu hapa Dodoma, na wateja wetu wengi wako mikoani. Wanaona video kwenye simu, wanalipa, nasi tunapakia maboksi kwenye basi. Msimu mmoja mama wa Morogoro alinipigia, namba yangu kapewa na jirani yake aliyewahi kununua kwetu. "Mwanangu, mzigo wangu mbona haufiki?" Kwenye daftari hakuwemo. Nikamwomba anirushie video aliyoiona. Ilikuwa yetu kabisa, sauti yangu, mikono ya mdogo wangu ikipanga vichala. Ila chini mtu kabandika mkanda mweusi juu ya namba yetu, na kwenye mkanda kaandika ya kwake. Iliniuma sana, maana yule mama alilipa kwa kuniamini mimi.

Namba iliyo pembeni au chini kabisa ni rahisi kuikata au kuifunika. Isitoshe, kwenye TikTok sehemu ya chini hufunikwa na maelezo, na kulia kuna alama za kupenda na kushea, kwa hiyo hata mteja wa kweli huisoma nusu. Siku hizi tunaiweka katikati, juu ya mikono na zabibu zenyewe, kwa herufi nyeupe zenye ukingo mweusi, na tarakimu tumezitenganisha tatu tatu. Inakaa tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Anayetaka kuifunika lazima afunike na bidhaa. Pia tunaiandika kwa kalamu nene kwenye boksi linaloonekana, na mimi naitamka.

Lakini tapeli anaweza kununua kilo mbili sokoni Majengo akarekodi yake. Kwa hiyo kinachomlinda mteja zaidi ni jina. Tulichukua Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la duka, tukaacha kupokea kwenye laini binafsi. Kabla ya kuitangaza nililipa kiasi kidogo kwa simu za mitandao tofauti nione jina linatokeaje, kwa sababu ukiandika tofauti hata kidogo mteja atashtuka bure. Chini ya namba sasa kuna mstari huu: "Jina litakalotokea ni la duka letu. Likija jingine, usiweke namba ya siri." Jina lenyewe tunaliandika herufi kwa herufi kama simu inavyolionyesha.

Juzi dada mmoja wa Mwanza alipokuwa analipa, kabla ya kuweka namba ya siri likatokea jina la mtu asiyemjua. Akasitisha, akanipigia, hela yake ikabaki kwake. Nilimwelekeza aitume namba ile kwenda 15040, inakoripotiwa namba za matapeli.

Na wateja wote nimewaambia: sitawahi kutuma meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Namba yetu ikibadilika, nitaonekana mwenyewe kwenye video nikiisema.