Saa inayochechemea: kumbukumbu ya mradi wangu

Siku ya 1

Saa yenyewe ni ya mkononi, ya kutia ufunguo, vijiwe 17. Ilikuwa imelala kwenye droo miaka mingi. Niliitia ufunguo ikaamka papo hapo, ila ina kasoro mbili: kwa siku inakwenda mbele kama sekunde 90, na mlio wake unakera. Saa iliyo nzima husema tik-tik-tik-tik kwa nafasi sawasawa. Hii inasema tiktak… tiktak… tiktak, kama mtu anayechechemea.

Nimeamua nisiguse bisibisi kabla sijaisikiliza vizuri. Nimebandika kidude cha piezo kinachonasa mtetemo kwenye mfuniko wa nyuma, waya nikauchomeka kwenye tundu la maiki la kompyuta, nikarekodi dakika moja. Kwenye programu ya kuhariri sauti kila mlio unaonekana kama kichaka kidogo cha mistari, na umbali kati ya kichaka na kichaka unapimika.

Saa hii imeundwa kupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara 5 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya pigo na pigo panatakiwa pawe na milisekunde 200. Nimepata 206, kisha 194, kisha 206, kisha 194. Mchechemeo ndio huo, sasa una namba.

Siku ya 2

Leo nimefungua mfuniko na kukaa na lenzi jichoni karibu saa nzima, bila kugusa kitu.

Kinachovuta macho kwanza ni gurudumu la mizani (nitaliita balansi), linalozunguka upande huu kisha upande ule bila kutulia. Juu yake kuna springi nyembamba iliyojikunja kama kiwavi. Nitaiita unywele, maana ndivyo ilivyo. Ncha ya ndani ya unywele imeshikwa na pete ndogo kwenye mhimili wa balansi, ya nje imeshikwa na kishikizo kwenye daraja linaloishikilia balansi kwa juu. Balansi ikizunguka, unywele unakazwa na kuirudisha. Ikirudi inapitiliza katikati, unywele unafunguka kisha unaivuta tena. Muda wa safari hiyo unatokana na uzito wa balansi na ulivyosambaa ukingoni, pamoja na ugumu wa unywele. Ndicho kitu alichokitangaza mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1675, na hadi leo hatujakiacha.

Lakini balansi peke yake ingebembea dakika moja mbili ikafa. Kuna anayeisukuma, na huyo huyo ndiye anayepiga kelele.

Huyo ni wenzo, kipande cha chuma chenye umbo la nanga. Upande mmoja una uma unaoielekea balansi, upande wa pili una mikono miwili yenye vijiwe vya yakuti. Vijiwe hivyo vinapokezana kulizuia gurudumu la mwisho la mtambo, lenye meno 15 yaliyochongoka, ambalo springi kuu inalisukuma muda wote kupitia magurudumu mengine. Nitaliita gurudumu la kuachia, kwa kuwa kazi yake yote ni kuachiwa jino moja kwa wakati. Kila jino linapita kwa mapigo mawili, kwa hiyo mzunguko mmoja ni mapigo 30, sekunde 6 kamili. Nimehesabu kwa macho ikawa hivyo.

Siku ya 3

Nimerudi kwenye rekodi, safari hii nikavuta karibu kichaka kimoja tu. Nilikuwa nadhani "tik" ni mgongano mmoja. Ni mitatu.

Chini ya balansi kuna kijiwe kidogo kilichosimama. Balansi ikikaribia katikati ya safari yake, kijiwe hicho kinaingia kwenye uma na kugonga ukuta wake. Huo ni mgongano wa kwanza, mdogo lakini mkali. Kwa pigo hilo balansi inausogeza wenzo na kuchomoa kijiwe cha yakuti mbele ya jino. Hapo balansi inalipa, haipokei: vijiwe vimewekwa kwa mshazari ili jino livivute ndani na kuukaza wenzo mahali pake, kwa hiyo kukichomoa lazima gurudumu lirudishwe nyuma kidogo. Ukitazama kwa lenzi saa ikiwa imepungua nguvu utaliona likirudi, unywele mmoja wa kichwa hivi.

Jino likishaachiwa linateleza kwenye uso mteremko wa kijiwe na kuusukuma wenzo, uma nao unakikumba kijiwe cha balansi kwa nyuma na kukipa teke. Huo ndio mgongano wa pili, na ndipo balansi inaporudishiwa nguvu zaidi ya ile iliyotoa. Kisha jino linatoka kwenye kijiwe, gurudumu linaruka hewani kidogo, na jino jingine linadakwa na kijiwe cha mkono wa pili huku wenzo ukigonga kingo yake. Huo wa tatu ndio wenye sauti kubwa, na sikio linadhani ndio peke yake. Baada ya hapo balansi haiguswi na kitu mpaka itakaporudi. Thomas Mudge, aliyebuni mpango huu katika miaka ya 1750, alilenga hasa hilo: balansi iachwe huru sehemu kubwa ya safari, isumbuliwe katikati tu.

Kwenye rekodi yangu, kutoka mgongano wa kwanza hadi wa tatu ni milisekunde 15.1. Namba hii ina faida yake. Wakati huo balansi inavuka pembe ambayo kwa saa nyingi za aina hii ni kama nyuzi 52, yaani 26 kila upande wa katikati. Ikiivuka haraka maana yake inabembea mbali; ikijikokota, haifiki mbali. Hesabu ni hii:

```
A = 26 / sin(π × 2.5 × t)
```

A ni nyuzi inazobembea kutoka katikati hadi mwisho wa upande mmoja, 2.5 ni safari kamili za kwenda na kurudi kwa sekunde, t ni muda kwa sekunde (pembe ya sin ni kwa radiani). Nikiweka 0.0151 napata nyuzi 220. Ikiwa pembe halisi ya saa yangu ni 50, jibu linashuka hadi 211 hivi, kwa hiyo silichukulii kama msahafu. Ila saa iliyotoka kutiwa ufunguo, ikilala chali, ingepaswa kuwa karibu na 270 au zaidi. Mafuta yaliyoganda, nahisi.

Siku ya 5

Kwanza mwendo wa mbele. Nimeisogezea dira, sindano haikutikisika, kwa hiyo si sumaku. (Unywele ukiingia sumaku mizunguko yake hushikana, sehemu inayofanya kazi inakuwa fupi, na saa inakimbia.)

Kisha mchechemeo. Saa ikiwa imesimama na unywele umetulia, kijiwe cha balansi kinatakiwa kiwe katikati kabisa ya uma. Changu kimekaa pembeni, ndiyo maana safari ya upande mmoja ni ndefu kuliko ya upande wa pili. Balansi inayobembea nyuzi 220 inavuka katikati kwa kasi ya nyuzi 3,456 hivi kwa sekunde, na tofauti ya milisekunde 12 inazaliwa na upotovu unaohesabiwa mara nne, kwa hiyo kijiwe kimekosea kwa nyuzi 10 hivi. Saa nyingi mpya zina kimkono cha kusogeza kishikizo cha unywele bila kufungua chochote. Yangu haina. Dawa ni kutoa balansi na kuizungusha ile pete ya ndani kwa ncha ya bisibisi nyembamba kuliko zote.

Nimelegeza springi kuu kwanza. Usipofanya hivyo, ukitoa wenzo magurudumu yanafyatuka na meno yanaumia. Kisha nimetoa balansi na daraja lake, nikazungusha pete kwa kadirio, huku nimebana pumzi. Nilipochoka nikafanya na usafi: nimeosha wenzo, magurudumu na mashimo ya vijiwe, nikatia mafuta mapya kidogo sana. Vijiwe vya yakuti vinapata mafuta kwenye uso, mihimili ya wenzo haipati kitu, ibaki mikavu.

Nimeirudisha, nikatia ufunguo. Ikaanza kukimbia kama mwizi.

Siku ya 6

Rekodi ya leo: milisekunde 186 kati ya mapigo. Hiyo ni zaidi ya dakika 4 mbele kwa kila saa moja! Hakuna kurekebisha kwa kawaida kunakoleta kitu kama hicho, na mizunguko ya unywele ilionekana haijagusana.

Nimekaa na kalamu. Muda wa safari unafuata kipeuo cha pili cha urefu wa unywele unaofanya kazi, kwa hiyo kushuka kutoka 200 hadi 186 ni sawa na kupoteza asilimia 13.5 ya urefu. Unywele wangu una mizunguko 12 hivi, na kwa kipenyo chake niliukadiria sentimita 12 ukinyooshwa. Asilimia 13.5 ya hizo ni milimita 16, na mzunguko wa nje kabisa ni karibu milimita 16 na nusu. Yaani ni kama umekatika mzunguko mmoja mzima.

Nilipoinamisha lenzi ubavuni nikaona. Karibu na kishikizo kuna vipini viwili vya kimkono kingine, cha kurekebishia mwendo, ambavyo mzunguko wa nje unapita katikati yake. Wakati wa kurudisha daraja, mzunguko wa pili nao ulijipenyeza humo ukabanwa. Nimeuchomoa kwa kibano, sikuupinda, nashukuru.

Siku ya 7

Sasa mapigo ni 200.7 na 198.9, yaani yale yaliyokuwa tofauti ya 12 yamebaki 1.8. Kwa hesabu ile ile kijiwe kimebaki nje kwa nyuzi 2 hivi, na sitafungua tena kwa ajili ya hizo. Migongano mitatu imekaribiana: 12.5, hivyo mbembeo umepanda hadi nyuzi 265. Mafuta yalikuwa ndiyo tatizo.

Mwendo wa mbele ulibaki palepale, sekunde 90 kwa siku. Kwa urefu hiyo ni asilimia 0.2, robo ya milimita. Vipini viko kama milimita 2.8 kutoka katikati, hivyo kimkono kinatakiwa kusogea nyuzi 5 kuelekea kishikizo, ili unywele urefuke. Nimekisukuma kwa kijiti cha mbao, kwa sababu chuma huteleza kikaua unywele.

Siku ya 9

Ikilala chali inakwenda mbele sekunde 7 kwa siku. Ikisimamishwa ufunguo ukiwa chini inachelewa 12, na migongano inaachana hadi 14.6, nyuzi 227: mihimili sasa inasugua kwa ubavu badala ya ncha. Naivaa mkononi kuanzia kesho, nione mkono utachagua namba ipi kati ya hizo.