Nilivyoifanya servo isimame kwenye nyuzi ninazotaka kwa taima ya biti 16

Servo ndogo ya gramu 9 ina nyaya tatu: umeme, graundi na ishara. Ndani yake mna mota, gia na potenshiometa iliyoshikamana na ekseli ya kutokea. Kwenye waya wa ishara inangoja mpigo mmoja takriban kila milisekunde 20, na kinachoiambia iende wapi ni muda ambao mpigo huo unakaa juu. Maikrosekunde 1500 ni katikati. Ukiufupisha mpigo inageuka upande mmoja, ukiurefusha inageuka upande wa pili. Nafasi kati ya mpigo na mpigo haihitaji usahihi mkubwa, lakini upana wa mpigo unauhitaji sana.

Nilianza na taima ya biti 8, yaani Taima 2 ya ATmega328P, kwenye bodi ya Arduino inayokwenda kwa megahezi 16. Ili mzunguko mzima ukaribie milisekunde 20 nililazimika kuigawa saa kwa 1024, na hapo kila hatua ya taima ikawa maikrosekunde 64. Mzunguko ulichukua milisekunde 16.4, na servo iliukubali bila shida. Tatizo lilikuwa kwenye hatua zenyewe. Kati ya maikrosekunde 1000 na 2000 zinaingia hatua 16 tu, na kila hatua ni karibu nyuzi 6. Mkono wa servo ulikuwa unaruka kama mshale wa saa ya ukutani, na hakuna namba niliyoweza kuandika ikausimamisha katikati ya miruko miwili.

Dawa yake ni Taima 1, kwa kuwa ni ya biti 16. Nikiigawa saa kwa 8, kila hatua inakuwa nusu maikrosekunde. Milisekunde 20 ni hatua 40000, nazo zinaenea kwenye biti 16. Kwa hiyo kilele nakiweka kwenye `ICR1` kikiwa 39999, kwa sababu hesabu inaanzia sifuri, na upana wa mpigo naupata kwenye `OCR1A`. Maikrosekunde 1500 ni hatua 3000, hivyo naandika 2999. Mpigo unatokea kwenye pini `PB1`, ambayo kwenye bodi imeandikwa 9.

```c
void servo_anza(void) {
  TCCR1A = 0;
  TCCR1B = 0;
  TCNT1  = 0;
  OCR1A  = 2999;                 // 1500 us
  TCCR1A = (1 << COM1A1) | (1 << WGM11);
  TCCR1B = (1 << WGM13) | (1 << WGM12);
  ICR1   = 39999;                // 20 ms
  DDRB  |= (1 << PB1);
  TCCR1B |= (1 << CS11);         // gawa kwa 8
}

void servo_us(uint16_t us) {
  OCR1A = us * 2 - 1;
}
```

Mpangilio wa mistari hiyo una sababu zake. `ICR1` inakubali kuandikwa pale tu taima ilipo kwenye hali inayoitumia kama kilele, kwa hiyo hali inatangulia na namba inafuata. Mistari miwili ya kwanza, ile ya sifuri, ndiyo inayosahaulika zaidi. Mazingira ya Arduino huwa yameshaigusa Taima 1 kabla msimbo wako haujaanza: yanawasha `WGM10` na kuigawa saa kwa 64. Ukija na `|=` bila kufuta kwanza, `WGM10` inabaki, taima inaingia hali ya 15, na sasa `OCR1A` yenyewe ndiyo kilele. Pini inakaa juu muda wote, hakuna mpigo unaotoka, na servo inalegea kabisa: ukiugeuza mkono wake kwa kidole haukupingi. Ukiona servo ina umeme lakini haikaidi kidole chako, chunguza rejista kabla ya kushuku nyaya.

Faida nyingine ya hali hii, ambayo ni ya 14, ni kwamba thamani mpya ya `OCR1A` inasubiri mzunguko unaofuata ndipo ianze kazi. Unaweza kuibadilisha wakati wowote bila kuukata mpigo katikati.

Baada ya hapo inabaki kazi ya kuzijua nyuzi. Usiamini kwamba maikrosekunde 1000 ni nyuzi 0 na 2000 ni 180. Kwenye servo yangu nafasi hiyo ilikuwa karibu nyuzi 97 tu. Nilibandika karatasi ya kupimia pembe chini ya mkono, nikaanza 1500, nikashuka kwa hatua za maikrosekunde 20. Kwenye 540 mkono ulisimama na servo ikaanza kuunguruma bila kukoma. Mngurumo huo ni mota inayosukuma gia dhidi ya kizuizi cha ndani. Ikiachwa hivyo, mota inapata moto na meno ya plastiki yanaweza kukatika, kwa hiyo rudi nyuma papo hapo. Upande wa juu mngurumo ulianzia 2420. Nikajiwekea mipaka ya 700 na 2300, mbali na vizuizi vyote viwili.

Kwenye 700 karatasi ilisoma nyuzi 12, na kwenye 2300 ikasoma 168. Hivyo maikrosekunde 1600 zinafunika nyuzi 156, na mstari unaounganisha ni huu:

```c
uint16_t us = 700 + (uint32_t)(pembe - 12) * 1600 / 156;
```

Nyuzi 90 zinatoa 1500 kamili, na nyuzi 60 zinatoa 1192. Hiyo `uint32_t` si pambo. `int` kwenye chipu hii ni ya biti 16, na mwisho wake ni 32767. Bila kupanuliwa, hesabu inakwenda vizuri hadi nyuzi 32, maana 20 mara 1600 ni 32000. Kwenye nyuzi 33 inafurika na kugeuka hasi, jibu linakuwa 496, na mkono unakimbilia kizuizi cha chini. Servo inayotii vizuri halafu ghafla inaruka upande usiotarajiwa, kila mara kwenye pembe ileile, kwa kawaida inaugua ugonjwa huu.

Hata hivyo nusu maikrosekunde haikupi usahihi wa ajabu. Servo yenyewe inapuuza mabadiliko madogo ya maikrosekunde chache, na gia zina ulegevu. Nikiiagiza nyuzi 60 kutoka chini na kutoka juu, mkono unasimama kwenye alama mbili zinazotofautiana kwa zaidi ya nyuzi moja. Ninapohitaji alama ileile kila mara, naupitisha mkono nyuma ya lengo kwa nyuzi 5, kisha naufikisha siku zote kutoka upande mmoja.

La mwisho ni umeme, kwa sababu dalili zake zinafanana na kosa la msimbo. Servo inapoondoka inavuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Ikiwa inakula kutoka kwenye pini ya volti 5 ya bodi inayopata umeme kwa waya wa USB, volti inaweza kushuka na chipu ikaanza upya. Utaijua hivi: kila inapoagizwa kwenda mbali, mkono unarudi katikati badala ya kufika, kwa kuwa `servo_anza` imetekelezwa tena na kuandika 2999. Niliipa servo chanzo chake cha volti 5, nikaunganisha graundi yake na ya bodi, na karibu na plagi ya servo nikaweka kapasita ya maikrofaradi 470, mguu hasi ukiwa kwenye graundi. Graundi zisipounganishwa ishara inakosa pa kulinganishwa, na mkono unatetemeka ovyo hata rejista zote zikiwa sahihi.